Umekatwa asilimia 5 kwenye ankara: kukokotoa kodi ya zuio na kuandika cheti chake vitabuni

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Ninaongoza kampuni ndogo ya ushauri hapa Dodoma. Tumesajiliwa VAT na mwaka wetu wa hesabu huishia Desemba. Tarehe 15 Januari 2025 tulimpelekea mteja ankara ya shilingi 14,160,000, ambamo ada yetu ni 12,000,000 na VAT ni 2,160,000. Tarehe 14 Machi ziliingia benki shilingi 13,452,000, na mhasibu wao akatuambia kwamba zilizobaki ni kodi ya zuio ya asilimia 5. Cheti tulikipata mwezi Mei baada ya kukifuatilia sana, lakini kinasomeka shilingi 600,000, wakati sisi tulikatwa 708,000.

Mhasibu wetu aliziandika hizo 708,000 kuwa gharama na kuifunga ankara. Kwa hesabu yake, faida ya mwaka 2025 ni 19,292,000 na kodi ya kampuni ni 5,787,600. Kwa kuwa tulikwisha kulipa awamu nne za 1,350,000, anasema tunadaiwa 387,600 zaidi tutakapowasilisha ritani mwezi Juni. Cheti kimo ndani ya faili tu. Je, tulikatwa sawasawa? Na cheti hicho kinaandikwa wapi?

Mkurugenzi, Dodoma

JIBU

Marahaba. Usilipe hizo 387,600 kwanza. Kwa takwimu ulizonipa, kampuni yako haidaiwi kodi yoyote ya mwaka 2025, na isitoshe kuna shilingi 108,000 ambazo mteja wako bado anapaswa kukulipa. Makosa ni mawili na yametoka pande mbili tofauti: la kwanza ni la mhasibu wa mteja, aliyekata kodi juu ya kiasi kisichokatwa kodi hiyo, na la pili ni la mhasibu wako, aliyeigeuza kodi iliyolipwa kwa niaba yenu kuwa gharama ya biashara. Nitayachukua kwa mpangilio huo.

Mkazi wa Tanzania anayefanya biashara, anapomlipa mkazi mwenzake ada ya huduma za kitaalamu kama ushauri, anawajibika kukata asilimia 5 ya ada hiyo na kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania. Neno la kushika hapo ni ada. Kodi ya zuio inayokatwa kwenye ankara yako ni sehemu ya kodi ya mapato, na mapato yako katika ankara hiyo ni shilingi 12,000,000 peke yake. Zile 2,160,000 za VAT hazijawahi kuwa mapato yako hata kwa siku moja, kwa sababu wewe ulizikusanya tu kutoka kwa mteja ili uzifikishe serikalini. Hesabu sahihi ilikuwa basi 12,000,000 mara asilimia 5, yaani 600,000, na benki zilipaswa kuingia 14,160,000 kutoa 600,000, ambazo ni 13,560,000.

Mhasibu wa mteja alichukua jumla ya chini kabisa ya ankara, 14,160,000, akaipiga asilimia 5 na kupata 708,000. Tofauti ya 108,000 ni asilimia 5 ya VAT yako, na inakuumiza kuliko inavyoonekana kwa haraka. Ankara yako ilitoka Januari, kwa hiyo VAT yake iliingia katika ritani ya Januari, ambayo huwasilishwa na kulipiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Maana yake ni kwamba kufikia tarehe 20 Februari zile 2,160,000 zote zilikwisha kuhesabiwa kuwa deni lako kwa Mamlaka, wakati mteja alikuja kulipa katikati ya Machi. Alipokata asilimia 5 ya VAT, hakupunguza VAT yako hata kidogo. Alichukua fedha zenu za matumizi.

Kosa hili ni la kawaida mno, na mara nyingi mteja hata hakuletei mchanganuo wa malipo, bali unaona tu tarakimu kwenye taarifa ya benki. Ipo njia rahisi ya kuligundua. Chukua kiasi kilichoingia benki na ukigawe kwa 1.13. Namba hiyo inatokana na ada moja kamili, ukiongeza asilimia 18 ya VAT na kutoa asilimia 5 ya zuio. Ukipata ada yako kamili, umekatwa sawasawa. Usipoipata, gawa kwa 1.121, ambayo ni 1.18 mara 0.95, yaani hali ya mtu aliyekata juu ya jumla yenye VAT. Kwako, 13,452,000 ukizigawa kwa 1.121 unapata 12,000,000 bila salio. Kwa hiyo hatubahatishi tunaposema mhasibu wao alifanya nini.

Sasa tutazame cheti, kwa sababu ndicho kinachoeleza zile 108,000 ziko wapi. Mkataji wa kodi anatakiwa kuipeleka kodi aliyokata ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa makato kwisha, na kukupa cheti ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo kwisha. Makato yako yalifanyika Machi, kwa hiyo ulistahili kuwa na cheti mkononi kufikia mwisho wa Aprili. Kilichelewa, lakini kimefika, na kinasema 600,000. Cheti husema kile mkataji alichokitamka mbele ya Mamlaka. Ikiwa aliitamka ada ya 12,000,000 na kodi ya 600,000, basi kodi iliyoingia serikalini kwa jina lako ni 600,000, nazo 108,000 zilizozidi hazikuwahi kuondoka kwa mteja. Yeye alizikata kwako na hakuzipeleka popote, hivyo kwako hazina sifa ya kuitwa kodi. Ni salio la ankara ambayo haijamalizwa kulipwa.

Ningependa uelewe pia hali nyingine ambayo ingeweza kutokea, maana dawa yake ni tofauti kabisa. Kama cheti kingesomeka malipo ya 14,160,000 na kodi ya 708,000, maana yake mteja angekuwa amekosea kukokotoa lakini amezipeleka zote kwa jina lako. Hapo usingekuwa na sababu ya kumdai mteja, kwani shilingi 708,000 zote zingekuwa kodi iliyolipwa kwa niaba yako, na ungezidai zote katika ritani yako. Tatizo lingehamia kwenye tarakimu ya malipo. Ofisa wa Mamlaka akilinganisha cheti chenye 14,160,000 na mapato ya 12,000,000 uliyotangaza kwa mteja huyo, atakuuliza zile 2,160,000 zimekwenda wapi. Ungelazimika kuwa na karatasi inayoonyesha kwamba tofauti hiyo ni VAT, pamoja na ritani ya VAT ya mwezi husika. Kwa hiyo, kabla ya kuandika chochote vitabuni, soma tarakimu mbili za cheti, ya malipo na ya kodi, na uzilinganishe na ankara na benki. Vitu hivyo vitatu visipoafikiana, tofauti yake lazima iwe na jina.

Nikija kwenye vitabu vyako, kosa la mhasibu wenu linaeleweka, ila lina gharama. Aliona fedha pungufu, akataka ankara ifungwe, akatafuta mahali pa kuitupa tofauti. Mfikirie mfanyakazi anayekatwa PAYE. Mshahara wake ni ule ulioandikwa kwenye mkataba, si ule uliofika benki, na kile kilichokatwa ni kodi yake aliyokwisha kulipa. Ushauri wenu uko vivyo hivyo. Mapato ni 12,000,000 kamili, na 600,000 ni kodi ya kampuni yenu iliyotangulia kulipwa. Asilimia 5 anayokatwa mkazi kwenye ada ya huduma si kodi ya mwisho. Ni malipo ya awali yanayokuja kupunguzwa kwenye kodi ya mwaka. Mshauri asiye mkazi hukatwa asilimia 15, na kwake ndiyo huwa kodi ya mwisho, na nadhani mkanganyiko wa watu wengi huanzia hapo, wanapoichukulia kila kodi ya zuio kuwa kitu kilichokwenda bila kurudi.

Tazama sasa madhara yake kwa tarakimu. Kuziandika 708,000 kuwa gharama kulipunguza faida kutoka 20,000,000 hadi 19,292,000, na kwa kiwango cha asilimia 30 cha kodi ya kampuni mkapata nafuu ya 212,400. Kwa upande wa pili mliacha kuzidai 600,000 za cheti. Ukitoa 212,400 kwenye 600,000 unabaki na 387,600, ambazo ni zile zile anazosema mnadaiwa. Tena hata hiyo nafuu ya 212,400 haina msingi, kwa kuwa sheria ya kodi ya mapato hairuhusu kodi hiyo yenyewe itolewe kama gharama wakati wa kutafuta faida inayotozwa kodi. Mkaguzi angeirudisha, na wakati huo cheti pengine kingekuwa kimesahaulika ndani ya faili.

Njia ya kuliepuka hili ni kuyaandika matukio matatu kila moja kwa wakati wake. La kwanza ni siku ya ankara, tarehe 15 Januari. Siku hiyo unadebiti akaunti ya wadaiwa 14,160,000, unakrediti mapato ya ushauri 12,000,000, na unakrediti VAT inayodaiwa 2,160,000. Kodi ya zuio haitajwi popote, kwa sababu hakuna aliyekata kitu bado. Nimewahi kuona vitabu ambavyo ankara huandikwa tangu mwanzo ikiwa imepunguzwa asilimia 5, na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kusema ni wateja gani hasa waliokata na ni wepi waliolipa ada yote.

Tukio la pili ni siku fedha zinapoingia. Fungua akaunti mbili za kodi ya zuio upande wa mali: moja iite kodi ya zuio inayosubiri cheti, nyingine iite kodi ya zuio yenye cheti. Utengano huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote katika barua hii. Tarehe 14 Machi ulipaswa kudebiti benki 13,452,000, kudebiti kodi ya zuio inayosubiri cheti 600,000, na kukrediti wadaiwa 14,052,000. Utaona kwamba nimeingiza 600,000 ambazo hesabu sahihi inazitambua, si 708,000 alizokata mteja. Zile 108,000 zinabaki zikining'inia kwenye jina la mteja katika leja ya wadaiwa, na hapo ndipo zinapopaswa kuwa, kwa sababu kila mwezi utakapochapisha orodha ya wadaiwa zitakukumbusha. Ankara ikifungwa kwa nguvu, hakuna mtu atakayezikumbuka tena.

Tukio la tatu ni siku cheti kinapofika. Unadebiti kodi ya zuio yenye cheti 600,000 na kukrediti kodi ya zuio inayosubiri cheti 600,000, na kwenye maelezo unaandika namba ya cheti. Ingizo hili halihamishi fedha yoyote na halibadili faida, ndiyo maana wahasibu wengi huliona halina maana. Lakini faida yake ni kwamba salio la akaunti inayosubiri cheti linakuwa orodha ya wateja wa kufuatiliwa, na salio la akaunti yenye cheti linakuwa kiasi unachoweza kukidai katika ritani huku ushahidi ukiwa mkononi. Kampuni inayochanganya vyote viwili katika akaunti moja hudai kodi ambayo vyeti vyake havipo, na Mamlaka ikitaka kuviona, madai hayo huanguka pamoja na riba juu yake.

Kwa kuwa hesabu zenu za 2025 zimekwisha kuandikwa vibaya lakini ritani haijawasilishwa, marekebisho ni ingizo moja tu, na liwe na tarehe ya ndani ya mwaka huo: debiti kodi ya zuio yenye cheti 600,000, debiti wadaiwa kwa jina la mteja huyo 108,000, krediti gharama ya kodi 708,000. Gharama inafutika, faida inarudi 20,000,000, na kodi ya mwaka inakuwa 6,000,000. Toa awamu nne zenye jumla ya 5,400,000, kisha toa 600,000 za cheti. Inabaki sifuri. Baada ya kukamilisha ritani, funga akaunti ya kodi ya zuio yenye cheti kwa kuikrediti 600,000 na kudebiti akaunti ya kodi ya kampuni inayodaiwa, ili salio la mwaka mmoja lisichanganyike na vyeti vya mwaka unaofuata.

Kabla ya kukitumia cheti, kikague kwa macho ya mtu mwenye shaka. Jina na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, viwe vya kampuni na si vya mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilimsaidia mshauri mmoja ambaye mteja wake alitumia TIN ya mkurugenzi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kwenye barua ya zamani aliyokuwa nayo tangu kabla kampuni haijasajiliwa. Kodi ilikwenda serikalini kama ilivyotakiwa, lakini ilisimama kwenye akaunti ya mtu binafsi, na kampuni haikuweza kuidai mpaka mkataji alipoomba marekebisho, jambo lililochukua muda mrefu kuliko kazi yenyewe ya ushauri. Tazama vilevile kipindi kilichoandikwa, kiendane na mwezi wa malipo, na uhakikishe kwamba aina ya malipo imeandikwa kuwa ada ya huduma, maana malipo ya pango au riba yana viwango vyake na hayaendani na ankara yako.

Barua ya mteja inayosema kwamba amekata kodi haitoshi kuwa cheti. Wala nakala ya hati ya malipo ya benki inayoonyesha kwamba alipeleka mamilioni kadhaa kwa mkupuo haitoshi, kwa kuwa haionyeshi ni kiasi gani kati ya hayo ni chako. Mwezi wa makato ukipita na siku 30 zikakatika bila cheti, mwandikie mteja ukitaja namba ya ankara, tarehe ya malipo, ada, kodi na TIN yako. Usisubiri Juni ya mwaka unaofuata. Kufikia hapo mhasibu aliyekukata huenda amehama, na anayemrithi hana kumbukumbu ya ankara yako.

Liko jambo moja hukuuliza, lakini liligusa mfuko wako mwaka mzima. Makadirio ya kodi yanapolipwa kwa awamu nne, kodi iliyozuiwa ndani ya mwaka hutolewa kwanza kabla ya kugawanya kiasi kilichobaki kwa idadi ya awamu zilizosalia. Ulikadiria kodi ya 5,400,000. Kodi ya 600,000 ilikatwa tarehe 14 Machi, kabla ya awamu ya kwanza ya mwisho wa Machi kufika. Ungeweza basi kutoa 600,000 kwenye 5,400,000 na kugawanya 4,800,000 kwa nne, ukalipa 1,200,000 kila awamu badala ya 1,350,000. Jumla ya kodi ya mwaka isingebadilika, na zile 600,000 ungezilipa Juni wakati wa ritani, lakini shilingi 150,000 za kila robo mwaka zingekaa kwenye biashara yako kwa miezi mingi. Kwa kampuni yenye ankara chache kubwa, jambo hili lina uzito. Kama makato yangefanyika Agosti, hesabu ingeanzia kwenye awamu ya Septemba, nayo 600,000 zingegawanyika kwa awamu mbili zilizobaki.

Kuhusu stakabadhi ya mashine ya EFD, nadhani umeitoa ipasavyo, lakini hakikisha. Stakabadhi hubeba thamani kamili ya mauzo, 12,000,000 pamoja na VAT ya 2,160,000. Wapo wanaotoa stakabadhi ya kiasi kilichofika benki kwa hoja kwamba ndicho walichopokea. Hilo hupunguza mauzo na VAT kwenye kumbukumbu za Mamlaka, na hapo hapo cheti cha zuio kinasema ada ni 12,000,000. Nyaraka zako mbili zinapopingana, hakuna maelezo yatakayokuepusha na ukaguzi.

Niongeze pia kwamba tangu Julai 2025 limeanza zuio la aina nyingine, la VAT yenyewe, ambalo kwa huduma ni asilimia 6 ya thamani isiyo na VAT, nalo hukatwa na wateja waliopewa jukumu hilo. Makato yako ya Machi hayahusiki nalo. Lakini ukikutana nalo kwenye ankara mpya, lipe akaunti yake ya tatu, kwa sababu hilo hupunguza VAT unayodaiwa na halina nafasi katika ritani ya kodi ya mapato. Ile mbinu ya kugawa kwa 1.13 nayo haitafaa kwa mteja wa namna hiyo. Ukikatwa asilimia 5 ya kodi ya mapato na asilimia 6 ya VAT kwa pamoja, kigawanyo kinakuwa 1.07.

Sasa mdai mteja wako. Usimwandikie kwa kulalamika kwamba kodi ilikuwa kubwa, maana atakujibu kwamba kodi ni ya serikali na yeye hana la kufanya. Mwandikie kwamba ankara yake ina salio la 108,000. Ambatisha kurasa tatu: ankara, ukurasa wa taarifa ya benki wa tarehe 14 Machi, na cheti alichokutolea yeye mwenyewe. Katika mistari michache mwonyeshe kwamba 13,452,000 alizolipa, ukijumlisha na 600,000 za cheti chake, zinafika 14,052,000, wakati ankara ni ya 14,160,000. Hesabu hiyo haina upande wa kubishia, kwa kuwa tarakimu zake zote zimetoka kwenye nyaraka zake. Akijibu kwamba alizipeleka zote 708,000, mwombe cheti cha hizo 108,000 au marekebisho ya kile cha kwanza. Akikipata, nawe utazihamisha kutoka wadaiwa kwenda kodi ya zuio yenye cheti na kuzidai. Asipokipata, atakulipa. Ila usizidai katika ritani ya Juni kwa neno lake tu.

Na kwa ankara zijazo, mpunguzie mhasibu wa mteja kazi ya kukokotoa. Chini ya jumla ya ankara ongeza mistari miwili: mmoja useme kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya ada ya 12,000,000 ni 600,000, na wa pili useme kiasi cha kulipa benki ni 13,560,000. Weka TIN ya kampuni kando ya mistari hiyo, mahali ambapo anayeandaa cheti hawezi kukosa kuiona. Kama kuna nauli au malazi mnayorejeshewa, yatenge kwenye mstari wake pamoja na stakabadhi zake, kwa kuwa yakimezwa ndani ya ada mteja atayakata pia, na kwa jinsi ankara inavyosomeka hatakuwa amekosea. Halafu cheti kikifika, mhasibu wenu akipige nakala, aandike juu yake namba ya ankara na namba ya ingizo, na akitunze pamoja na kumbukumbu nyingine za mwaka huo kwa miaka isiyopungua 5.